Mtoto wa sikoseli akianza maumivu usiku: dawa, maji, na saa ya kuondoka kwenda hospitali

Mtoto wa sikoseli akianza kulia miguu au mgongo usiku, wazazi wengi mkono unakimbilia chupa ya dawa moja kwa moja, na hapo ndo shida inapoanzia, kwa sababu parasetamoli na ibuprofeni zote mbili zinashusha homa. Unampa, unakuja kumshika baada ya lisaa, mwili uko kawaida, unasema afadhali hana homa, kumbe homa ilikuwepo na dawa imeifunika. Na mtoto wa sikoseli mwenye homa hatakiwi kulala nyumbani mpaka asubuhi. Kwa hiyo kinachotangulia ni kipimajoto, chupa inafuata.

Mimi ni nesi huku Mtwara na maswali ninayoulizwa sana na kina mama ni matatu tu: nimpe kiasi gani, nimpe saa ngapi, na nitajuaje kwamba hapa pamefika pa kwenda hospitali. Nitayajibu kwa mtoto mmoja, tumuite Shabani, miaka 6, kilo 18, anakaa Nanyamba na mama yake na bibi yake. Wako wa kwako akiwa na kilo nyingine hesabu ni ileile, namba ndo zinabadilika.

Kabla ya siku yenyewe

Vitu viwe ndani tayari, maana saa 8 usiku hakuna duka la dawa muhimu lililo wazi kijijini. Kipimajoto cha kwapani, cha namba, sio kiganja cha bibi. Sirapu ya parasetamoli na sirapu ya ibuprofeni ambazo hazijapitwa na tarehe. Bomba la sindano la ml 10 bila sindano yake, la kupimia dawa. Daftari na kalamu. Na uzito wa mtoto wa hivi karibuni, uchukue kwenye kadi ya kliniki, sio ule wa mwaka juzi.

Hilo bomba nalisisitiza sababu vijiko vya nyumbani havifanani, kijiko cha chai cha mama huyu kinabeba ml 4 cha mama yule kinabeba 7, ukizidisha mara mbili au tatu tofauti inakuwa kubwa.

Halafu chupa yenyewe isome. Parasetamoli ya maji ya watoto mara nyingi imeandikwa 120mg/5ml, ila ipo pia ya 250mg/5ml, chupa zinafanana, ladha tamu hivohivo. Ibuprofeni nyingi ni 100mg/5ml, nayo ipo ya 200mg/5ml. Ukipiga hesabu ya chupa nyepesi ukachota kwenye ile kali umempa mtoto dozi mara mbili, na parasetamoli ikizidi inaharibu ini kimyakimya, mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa siku ya kwanza.

Hesabu ya dozi

Parasetamoli ni mg 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 (chini ya saa 4 usithubutu), mara 4 tu ndani ya saa 24. Shabani ana kilo 18, mara 15 tunapata mg 270. Kwa chupa ya 120mg/5ml hiyo ni kama ml 11. Njia ya haraka kwa chupa hiyo: chukua kilo zidisha kwa 0.6 unapata ml. Mtoto wa kilo 12 ni ml 7. Kama nyumbani kuna vidonge vya mg 500 tu, nusu kidonge ni mg 250, kwa Shabani inatosha, kisage uchanganye na uji kidogo.

Ibuprofeni ni mg 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 8, mara 3 kwa saa 24. Shabani ni mg 180, kwenye chupa ya 100mg/5ml ni ml 9. Hii ni rahisi zaidi, nusu ya kilo ndo ml zake: kilo 18 ml 9, kilo 12 ml 6. Apewe akiwa ameweka kitu tumboni, hata uji nusu kikombe. Kwa watoto wakubwa hesabu isipite parasetamoli mg 1000 wala ibuprofeni mg 400 kwa mara moja hata kama kilo zake zinaruhusu.

Hizi dawa mbili zinaweza kupewa pamoja, muda uleule, maana zinafanya kazi kwa njia tofauti, na kwa maumivu ya sikoseli kuzitumia zote kwa saa zake kunashinda kusubiri mpaka mtoto alie ndo umpe. Maumivu yakishapanda juu kuyashusha ni kazi ngumu.

Ila ibuprofeni ina watu wake wa kuwanyima. Mtoto chini ya miezi 6, mtoto mwenye tatizo la figo au vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo, mwenye tetekuwanga, na huyu ndo wa muhimu zaidi kwetu, mtoto anayetapika au kuharisha au amekaukiwa na maji. Figo za sikoseli zenyewe zimeshachoka, ukiongeza ibuprofeni kwenye mwili mkavu unaziumiza. Huyo mpe parasetamoli peke yake, na safari ya hospitali iwe karibu.

Mama mmoja aliniuliza, "Dada, na diklofenaki je, si ndo kali?" Nikamwambia diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu, ukizichanganya hupati nafuu mara mbili, unapata madhara mara mbili. Na aspirini mtoto usimpe, yapo makopo na pakiti za maumivu dukani zina aspirini ndani kwa hiyo soma. Dawa za mafua nazo nyingi zina parasetamoli, ukimpa hizo pamoja na sirapu umeshazidisha bila kujua.

Usiku wenyewe

Ni Julai, kusi linavuma, Shabani jana alishinda anacheza mpira hakunywa maji ya maana. Saa 2 usiku anaanza kulalamika mapaja yote mawili. Zile chembe zake nyekundu zimejikunja na kuziba mishipa midogo ya kwenye mifupa, sehemu ile inakosa hewa safi, ndo maumivu yenyewe. Baridi na kukosa maji ni vichokozi vikubwa, ndo maana kule juu Newala na Tandahimba ambako asubuhi kuna ukungu na maji kiangazi ni ya kununua kwa dumu, wazazi wanatakiwa wawe macho zaidi msimu huo.

Mama anampima kwanza: 37.1. Anaandika. Anamuuliza maumivu ni kiasi gani kati ya 0 na 10, Shabani anasema 6 (mtoto mdogo asiyejua namba muoneshe kwa mikono, kidogo hivi au kubwa hivi). Anaangalia kifua, hakohoi, hapumui haraka. Anamgusa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, bandama haijashuka kuliko siku zote. Hili la bandama muombe nesi wa kliniki akufundishe mtoto akiwa mzima, ukishajua inavyokuwa siku ya kawaida utaijua ikivimba.

Ndo sasa dawa. Daftari la mama Shabani linasomeka hivi:

Saa 2 usiku, joto 37.1, maumivu 6. Parasetamoli ml 11, ibuprofeni ml 9 na uji.
Saa 8 usiku, parasetamoli.
Saa 10 alfajiri, ibuprofeni na uji.
Saa 2 asubuhi, parasetamoli.
Saa 6 mchana, ibuprofeni na chakula.
Saa 8 mchana, parasetamoli.
Saa 2 usiku, siku imeisha, hesabu inaanza upya.

Kabla ya kila dozi anapima joto na kuandika, kwa sababu pale ndo dawa ya mwanzo inakuwa imepungua nguvu na homa iliyofichwa inaweza kujitokeza. Usiku akiwa amelala vizuri usimuamshe kwa ajili ya dawa, usingizi ni dalili nzuri, ila mguse, sikiliza anavyopumua, na akiamka mpe kama muda umefika. Angalia tu usichanganye usingizi na kulegea: mtoto aliyelala ukimuita anageuka analalamika, aliyelegea unamuita hashtuki.

Daftari linaonekana kama ushamba ila ndani ya nyumba yenye mama, bibi na shangazi, kila mmoja ana huruma, bila daftari mtoto anapewa dawa ileile na watu watatu.

Saa 3 usiku, lisaa baada ya dawa, mama anamuuliza tena. 3. Anaweza kunyoosha mguu. Hapo nyumbani panatosha kwa sasa. Ingekuwa bado 6 au imepanda 8, saa 4 usiku ikifika hakuna mabadiliko, hapo asiongeze dozi, aanze kutafuta usafiri. Mtoto ambaye parasetamoli na ibuprofeni kwa dozi sahihi hazijamgusa anahitaji dawa za nguvu zaidi kama morfini, na hizo zinatolewa hospitali wakimuangalia.

Akitapika sirapu ya parasetamoli ndani ya nusu saa unaweza kurudia mara moja. Akitapika tena, nyumbani pamekwisha.

Joto, sio baridi

Wakati dawa inatafuta njia, sehemu inayouma iwe na joto. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kanga, au kitambaa cha moto cha kawaida, jaribu kwenye mkono wako mwenyewe kwanza ndo umuwekee. Barafu hapana kabisa, baridi inabana mishipa. Kupaka mafuta na kumpapasa taratibu ruhusa, kuchua kwa nguvu mpaka mtoto apige kelele hapana, na kuchanja chale hapana, vidonda vile vinaingiza bakteria kwa mtoto ambaye kinga yake iko chini. Najua bibi ana dawa yake na simdharau bibi, mpe kazi ya kumshikia mtoto uji, hiyo kazi inahitaji subira aliyonayo yeye.

Maji kiasi gani

Watu wanasema "mpe maji mengi" halafu hawasemi mengi ni mangapi. Hesabu ya siku nzima: kilo 10 za kwanza kila kilo ml 100, kilo 10 zinazofuata kila kilo ml 50, zinazozidi hapo kila kilo ml 20. Shabani: kilo 10 ni ml 1000, kilo 8 zilizobaki ni ml 400, jumla ml 1400. Chukua chupa tatu za maji za nusu lita, zijaze, ziweke mezani, mpaka kesho muda kama huu ziwe zinaisha. Humo anahesabiwa kila kitu cha majimaji, uji mwepesi, dafu, maziwa, mchuzi, maji ya kunywa ya kawaida. Soda za kola na chai kali aache.

Usimlazimishe kikombe kizima, mtoto mwenye maumivu akijazwa anatapika. Mpe kidogokidogo, mafunda mawili matatu kila dakika 10 au 15 akiwa macho. Yasiwe ya friji.

Na usipite sana hapo. Wapo wanaomsukumia lita tatu nne wakidhani wanasafisha damu, mwili ukijaa maji kupita kiasi mapafu yanaweza kupata shida, na mapafu ndo sehemu ambayo hatutaki ichokozwe.

Sasa kuna mtego kwenye mkojo. Tumezoeshwa kwamba mkojo mweupe maana yake mwili una maji. Kwa mtoto wa sikoseli hiyo haiaminiki, figo zake haziwezi kukaza mkojo vizuri, anaweza kukojoa mweupe na kukojoa sana huku mwili unakauka. Na upande mwingine mkojo unaweza kuwa wa rangi ya chai kwa sababu ya chembe nyingi za damu zinazovunjika, sio kiu tu. Kwa hiyo usiangalie rangi peke yake, angalia mdomo na ulimi kama vimekauka, machozi yanatoka akilia, macho hayajaingia ndani, na chupa zako tatu zimefika wapi.

Saa ya kuondoka

Homa ndo ya kwanza. Joto likifika 38.5 unaondoka muda huohuo, hata kama maumivu ni kidogo, hata kama anacheza. Likiwa 38 na mtoto amepooza hataki kula wala kucheza, vilevile. Sababu ni kwamba bandama yake, inayochuja bakteria kwenye damu, huwa imeshaharibika tangu utotoni, maambukizi yanaweza kusambaa mwili mzima ndani ya saa chache, anahitaji antibayotiki haraka. Na huku kwetu kuna kosa lake: kipimo cha malaria kinasoma anayo, kila mtu anapumua, anapewa mseto anarudishwa nyumbani. Malaria anaweza kuwa nayo kweli na bakteria pia wakawepo. Kipimo cha malaria hakimalizi mjadala wa homa kwa mtoto wa sikoseli, uliza kabisa, "na maambukizi mengine mmeangalia?"

Kifua ni cha pili. Maumivu ya kifua, kikohozi kipya, kupumua haraka, mbavu zinaingia ndani, midomo kubadilika rangi. Inaweza kuanza siku ya pili ya maumivu ambayo yalianza kwenye miguu tu, kwa hiyo mtoto aliyekuwa na nafuu asubuhi akianza kukohoa jioni usiseme ni vumbi.

Tatu, weupe wa ghafla. Fungua kope la chini, angalia viganja na ulimi. Amepauka, amelegea, tumbo la kushoto limejaa, maana yake bandama inakusanya damu na mtoto anaweza kuishiwa damu ndani ya saa chache. Huyu hata usikae kuhesabu ml.

Nne, chochote cha kichwani: mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki sawa, degedege, kichwa kikali cha ghafla, kuchanganyikiwa. Watoto wa sikoseli wanapata kiharusi, ndio, watoto. Hata kama imepita yenyewe baada ya dakika 10, nenda.

Nyingine nazitaja kwa kifupi. Mvulana ambaye uume umesimama unamuuma na umekaa hivyo kwa muda wa saa mbili, na wavulana wanaona aibu kusema hili, waambie mapema kwamba ni la kusema. Kutapika kila kitu. Sehemu moja kuvimba, nyekundu, ya moto, hasa ikiambatana na homa, maana mfupa unaweza kuwa na maambukizi. Macho kuwa ya njano kuliko kawaida yake. Mtoto mdogo aliyevimba viganja na nyayo kwa mara ya kwanza. Na maumivu ya kawaida tu ambayo yalitulia kidogo baada ya dozi ya kwanza, ila saa 24 zimepita kwenye dawa sahihi na bado yanarudi palepale.

Njiani na mapokezi

Usiondoke mikono mitupu. Beba daftari, kadi ya kliniki, chupa za dawa zenyewe, maji yake. Kwenye bodaboda alfajiri mvalishe sweta na umfunge kitenge vizuri, nimeona watoto wanafika na maumivu zaidi ya waliyoondoka nayo kwa upepo tu wa njiani. Kama muda wa parasetamoli umefika mpe kabla ya kuondoka, ila joto umelipima na umeliandika.

Ukiwa mbali anzia kituo cha afya kilicho karibu, apate dozi ya kwanza ya antibayotiki kama ana homa, wapige simu ya rufaa. Kwa waliopo Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Lindi ni Sokoine, wa upande wa Masasi kuna Ndanda na Mkomaindo, wa barabara ya Mtama kuna Nyangao.

Mapokezi usianze na historia ndefu ya tangu juzi. Sentensi ya kwanza iwe hii: "Mtoto ana sikoseli, joto lilikuwa 38.6 saa 10 alfajiri kabla ya dawa, amepata parasetamoli ml 11 saa 10 na nusu." Hiyo tu inakutoa kwenye foleni ya kawaida, na inamzuia daktari asirudie dozi uliyotoa. Wakipima pale joto likasoma 37.2, onesha daftari, waambie dawa iko ndani.

Akirudi nyumbani na maumivu yanashuka, ya kwanza kuacha ni ibuprofeni, isizidi siku 3 bila daktari kusema, halafu parasetamoli unaibakiza ya kumpa akihitaji kwa siku moja mbili. Foliki asidi na penisilini ya kila siku ziendelee kama kawaida, na haidroksiyurea nayo iendelee isipokuwa daktari aseme ipumzike, maana wapo wanaosimamisha vyote kwa kudhani dawa zimegongana.